Paka Hauawi na Mbwa, Anauawa na Siku ya Kwanza

Msimu wa kuvuna unaisha, maghala yanajaa, na simu zinazoingia kwangu zimebadilika. Miezi michache iliyopita mlikuwa mnaniuliza habari za viwavijeshi, sasa hivi kila mtu ananiuliza habari za panya. Ametoboa mifuko ya mahindi, amekula pumba za kuku, ameiba mayai, amekata waya wa taa ya vifaranga. Na kila nikimwambia mtu afuge paka, jibu ni lilelile: "Mtaalamu, mi nina mbwa wa ulinzi. Paka kwangu hakai."

Leo nataka kulipinga hilo jibu. Nalipinga nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe nilichangia kulifanya lionekane kweli.

Kijana mmoja wa kata yangu ana kuku wa mayai 600 na ghala dogo la mahindi anayosagia chakula chake mwenyewe. Ana mbwa dume wa miaka mitatu, wa kienyeji, mkali, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku. Panya walikuwa wanamwingia ghalani mpaka wakawa wanatoboa ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ninyi mnaoitumia mnajua, tundu moja tu na hewa imeingia, dumuzi wanaamka, kazi yote imeharibika. Nikamwambia atafute paka. Akaniuliza, "Na huyu mbwa je?" Nikamjibu nikiwa nimeshawasha pikipiki, "Waache tu, watazoeana wenyewe."

Siku ya pili asubuhi alinipigia simu. Mbwa alikuwa amefunguliwa usiku kama kawaida, na paka alikuwa amelala chini ya mkokoteni, amekufa. Mtoto wake wa miaka saba ndiye aliyemkuta.

Yule kijana hakunilaumu. Alisema tu, "Si nilikwambia, mtaalamu, hawa hawapatani." Jioni ile alinunua sumu ya panya. Nililala vibaya, kwa sababu nilijua kwamba mbwa hakuwa na kosa, na paka hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa lile neno langu la haraka juu ya pikipiki. Kwa hiyo ninachoandika hapa chini ndicho nilichopaswa kumwambia siku ile, na ndicho tulichokuja kukifanya naye baadaye, kwa paka wa pili.

Mbwa hamchukii paka

Watu wengi wanaamini kwamba mbwa na paka wana uadui wa asili. Mimi nasema siyo uadui. Mbwa ana hatua zake za uwindaji alizozaliwa nazo: anatazama, ananyatia, anakimbiza, anakamata. Kinachoziamsha hatua hizo ni kitu kidogo kinachokimbia. Paka mgeni anapoogopa anafanya nini? Anakimbia. Basi hapo mbwa hafikirii tena. Ni sawa na kuwasha injini ya pikipiki kwenye mteremko, ikishawaka haina haja ya kusukumwa.

Na kukimbiza kwenyewe ni kutamu. Mbwa akimkimbiza paka mara moja tu, hata asimkamate, ameshapata zawadi yake. Kesho atataka tena. Akimkimbiza mara tatu, inakuwa tabia, na kuiondoa tabia hiyo ni kazi kubwa kuliko kuizuia isianze. Ndiyo maana lengo la wiki tatu za kwanza si kuwafanya wapendane. Lengo ni moja tu: mbwa asipate nafasi ya kumkimbiza paka hata mara moja.

Halafu kuna sisi wenyewe. Hapa mashambani mbwa tunamfundisha kukimbiza. Akitokea kicheche au nguchiro karibu na banda tunapiga kelele, "Kamata! Kamata!" Watoto wanamchochea kwa paka wa jirani, wanacheka. Halafu siku tunayoleta paka wetu tunategemea mbwa ajue kwamba huyu ni wa nyumbani na yule alikuwa wa jirani. Atajuaje? Ukitaka kuanza leo, anza na hilo. Neno "kamata" kwa paka yeyote likome hapo kwako, kwa watoto na kwa vijana wa kazi.

Jambo jingine ni kwamba lugha zao haziendani. Mbwa akitikisa mkia akiwa amelegea, mara nyingi ana furaha. Paka akipigapiga mkia huku na huku, amekasirika au ameshachoka kuvumilia. Mbwa mchangamfu akiinamisha kifua na kuinua makalio anamaanisha "tucheze," lakini paka anaona mnyama mkubwa anajiandaa kumrukia. Paka anamchapa ukucha puani, mbwa anashangaa, ugomvi unaanza. Wanahitaji muda wa kusomana, na muda huo lazima uupange wewe.

Kabla paka hajafika

Tulipoamua kujaribu tena, tulikaa wiki mbili bila kuleta paka. Kwanza tuliondoa sumu yote ya panya. Panya aliyekula sumu hafi palepale. Anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na panya mlegevu ndiye anayekamatwa kirahisi na paka. Ukitumia sumu na paka kwa pamoja unamlisha paka wako sumu kwa mkono wa panya. Chagua kimoja.

Pili, tulitenga chumba. Yule kijana ana stoo ndogo ya vifaa iliyoungana na ghala, ina mlango wa mbao na dirisha la wavu. Ndani tuliweka beseni la mchanga mkavu kwa ajili ya choo, bakuli la maji, gunia la kulalia, na rafu ya mbao usawa wa kifua cha mtu ili paka aweze kupanda juu. Paka aliyeko juu anajiona salama, na akijiona salama hakimbii. Mkumbuke lile neno, kukimbia ndiko kunakoamsha mbwa.

Tatu, mbwa alipewa somo moja dogo. Kila siku mara mbili, kijana alimwita jina lake akiwa ameshika dagaa mkononi. Mbwa akigeuza kichwa kumtazama, anapewa dagaa mmoja. Basi. Wiki nzima ni hilo tu, kwanza pakiwa kimya, kisha kuku wakiwa wanapita karibu, kisha watoto wakiwa wanacheza. Linaonekana jambo la kitoto, lakini ndiyo breki yenyewe. Usipokuwa na breki usiingie barabarani.

Na nne, chanjo. Mbwa alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa kwenye kampeni ya mwezi wa tisa, ile inayofanyika karibu na tarehe 28 Septemba. Paka naye anachanjwa, wengi hamjui hilo. Kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka akipata kichaa cha mbwa anauma kama mbwa anavyouma.

Wiki ya kwanza: pua kabla ya macho

Paka wa pili alikuwa jike wa miezi minne, aliyekulia kwenye nyumba yenye mbwa. Hilo tulilichagua makusudi. Mtoto wa paka anajifunza nani wa kuogopa na nani si wa kuogopa kuanzia wiki ya pili mpaka kama ya saba ya maisha yake. Kwa mtoto wa mbwa ni kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili. Aliyemwona mwenzake wa jamii nyingine ndani ya kipindi hicho atakusumbua kidogo sana. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, uliza kwanza amekulia wapi. Huna nafasi ya kuchagua? Inawezekana bado, utatumia tu wiki nyingi zaidi.

Aliletwa ndani ya tenga la kuku lililofunikwa kitenge, jioni, mbwa akiwa ametembezwa mbali na nyumba. Akaingizwa stoo moja kwa moja, mlango ukafungwa. Hawakuonana.

Siku ya pili kijana alichukua kipande cha gunia alicholalia paka, akakiweka karibu na bakuli la chakula la mbwa. Kipande alicholalia mbwa akakiweka stoo. Mbwa alinusa gunia kama dakika nzima, akasimama wima, akanusa tena. Akaitwa jina, akageuka, akapata dagaa. Siku ya nne alikuwa analinusa kidogo tu na kuendelea na ugali wake. Paka naye siku ya kwanza alilikoromea lile gunia la mbwa, siku ya tano alikuwa amelilalia.

Hapo mkaanza kuwalisha kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Mbwa nje, kwanza hatua kumi kutoka mlangoni, paka ndani. Kila siku bakuli zinasogezwa hatua moja. Ikiwa mbwa anaacha chakula na kuanza kukwaruza mlango, au paka anagoma kula, umesogeza haraka mno, rudi hatua mbili nyuma. Kipimo ni chakula. Mnyama anayekula kwa utulivu hana hofu kubwa wala hana mzuka wa kuwinda. Ukiona wote wawili wanakula wakiwa pande mbili za mlango uleule, na kila mmoja anajua mwenzake yupo, umemaliza wiki ya kwanza, hata kama kwako imechukua siku kumi na mbili.

Wiki ya pili: kuonana bila kufikiana

Sasa macho. Kijana alifungua mlango wa mbao na kuweka fremu aliyoitengeneza kwa mbao na wavu wa kuku, imara, kuanzia chini mpaka juu. Mbwa alikuwa amefungwa kamba ya mita mbili, siyo mnyororo wake wa kila siku, na kamba imeshikwa na mtu. Hilo la mtu ni muhimu. Mbwa aliyefungwa kwenye nguzo akimwona paka anaruka, anavutwa shingo, anakasirika, anaruka tena. Unamfundisha kuwa paka ndiye anayemletea maumivu ya shingo. Aliyeshikwa na mtu anaweza kuondolewa taratibu kabla hajafika huko.

Kabla ya kila zoezi mbwa alizungushwa shambani kama nusu saa. Mbwa aliyekaa kwenye mnyororo kutwa nzima ana nguvu zimemjaa, usimlete mbele ya paka akiwa hivyo.

Walianza mbwa akiwa umbali wa mita kumi hivi. Anamtazama paka, kijana anamwita jina, mbwa anageuka, dagaa. Anatazama tena, anaitwa, anageuka, dagaa. Dakika tano tu, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza mbwa aligeuka mara mbili, mara ya tatu hakugeuka. Alikuwa amekaza mwili, mdomo umefungwa, masikio mbele, mkia juu umetulia kama fimbo, macho hayapepesi. Nilikuwepo, na nilimwambia kijana, "Hiyo ndiyo picha ya kukariri." Mbwa anayebweka na kurukaruka anasumbua, lakini mbwa aliyenyamaza na kukaza macho ndiye anayeua. Ukiiona picha hiyo usimpigie kelele wala usimpige. Mwondoe kwa kumgeuza upande, ongeza umbali mpaka aweze kukusikia tena, anza hapo.

Kuhusu fimbo naomba nieleweke vizuri, maana najua hapa wengi mtanipinga. Ukimpiga mbwa kila anapomtazama paka, mbwa atajifunza mambo mawili. La kwanza, paka akitokea napigwa, kwa hiyo paka ni mkosi. La pili, bosi akiwepo nisimguse. Lakini usiku bosi amelala, na mbwa amefunguliwa. Fimbo inafanya kazi ukiwepo, na paka wako anauawa usipokuwepo. Ndiyo maana nachagua dagaa.

Ilichukua siku tisa mpaka mbwa akaweza kukaa mita mbili kutoka kwenye wavu, amelala ubavu, anahema mdomo wazi, anamtazama paka kidogo kisha anamgeukia kijana mwenyewe bila kuitwa, anadai dagaa wake. Siku hiyo kijana alinitumia video, na mimi nilicheka peke yangu ofisini.

Wiki ya tatu na kuendelea: chumba kimoja

Baada ya hapo wavu uliondolewa, kamba ikabaki. Mbwa anakaa chini, paka anaachwa aamue mwenyewe. Hapa kosa kubwa ambalo watu hufanya ni kumbeba paka na kumpeleka puani kwa mbwa "wasalimiane." Usifanye hivyo kabisa. Paka aliyebebwa hana njia ya kutoroka, atakupasua mikono, na jeraha la jino la paka ni jembamba na refu, linaziba juu na kuoza ndani. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka au mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati, usingoje livimbe.

Paka wa kijana wetu alikaa juu ya rafu siku mbili akitazama. Siku ya tatu alishuka, akapita kama hatua tatu kutoka kwa mbwa, mkia juu, akaenda zake. Mbwa aliinua kichwa, akaitwa, akapewa. Siku ya sita paka alimnusa mguu wa nyuma. Mbwa akageuza uso pembeni. Mbwa kugeuza uso, kupiga miayo, kulamba pua ni adabu yao, anasema sitaki shari. Hiyo ndiyo amani unayoitafuta. Usitegemee kwamba lazima walale pamoja kama kwenye picha za kalenda. Mbwa na paka wanaopuuzana ni mbwa na paka wanaopatana.

Baada ya siku kumi za namna hiyo, kamba iliachwa ikiburuta chini bila kushikwa, mtu akiwa karibu wa kuikanyaga. Kisha ikaondolewa. Kuwaacha wawili peke yao bila mtu kulianza wiki ya saba. Najua mtasema ni muda mrefu. Wiki saba zenyewe, dakika kumi kwa siku. Wewe unayeweza kulea vifaranga wa siku moja mpaka wataga, unashindwa na hizi?

Na kuna faida iliyojificha. Paka mgeni akiachiwa mapema anarudi alikotoka au anapotea. Akifungiwa wiki tatu mpaka nne analijua shamba kuwa ndiko kwao. Kwa hiyo muda huo ungeutumia hata kama usingekuwa na mbwa.

Ramani ya shamba baada ya amani

Hata wakishapatana, msiwaachie vitu vya kugombania. Paka analishwa juu, kwenye rafu au juu ya mapipa, mbwa analishwa chini. Choo cha paka kikae mahali mbwa hafiki, kwa sababu mbwa wengi hula mavi ya paka, na paka akifuatwa chooni anaacha kutumia beseni na kwenda kwenye pumba zako. Chakula nacho kisichanganywe. Paka anahitaji nyama au samaki kila siku, ugali mtupu wa mbwa utamdhoofisha macho na moyo. Na msimwache na njaa mkidhani ndiyo atakamata panya. Paka aliyeshiba kiasi anawinda vizuri na hatangitangi kwa jirani.

Kuhusu usiku, tulifanya jambo dogo ambalo nadhani ndilo lililoleta faida kuliko yote. Tulitoboa tundu ukutani mwa ghala, karibu mita moja na nusu kutoka chini, upana wa sentimita 15 kwa 15, na ubao wa kukanyagia ndani na nje. Paka anapita, mbwa hapiti. Mbwa analinda nje, paka anawinda ndani, na akitoka akakutana na jambo la kumtisha ana mahali pa kurukia. Panga njia za namna hiyo mbili au tatu: rafu, dirisha, paa la banda. Lakini sehemu ya vifaranga izungushie wavu. Kuku mkubwa paka hamwezi, kifaranga ni kitoweo.

Dawa ya kupe iliyotaka kutuharibia

Sasa jambo ambalo silo la ugomvi, ila lingeweza kuua paka wetu baada ya kazi yote ile. Mwezi wa tatu, paka na mbwa wakiwa wameshaanza kulala kibaraza kimoja, kijana alimpaka mbwa dawa ya kupe, ile anayoogeshea ng'ombe wa baba yake. Jioni paka akajisugua kwa mbwa kama kawaida yake, kisha akajilamba. Usiku akaanza kutetemeka masikio, mate yanamtoka, miguu inashtuka.

Dawa nyingi za kupe ni za jamii inayoishia na "thrini": pemethrini, sipamethrini, deltamethrini. Mbwa na ng'ombe mwili wao unaivunja dawa hiyo. Ini la paka haliwezi. Pemethrini ndiyo mbaya zaidi, hasa ile nzito ya matone ya mgongoni kwa mbwa. Amitrazi nayo si ya paka. Kijana alinipigia saa nne usiku. Nilimwambia amwoshe paka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, amkaushe, amfunike asipate baridi, asimnyweshe maziwa wala kitu chochote, na aende naye kwa daktari wa mifugo usiku uleule. Alikwenda. Paka alitetemeka siku mbili, akapona. Wengine hawaponi.

Kwa hiyo paka na mbwa wanaopatana wanashiriki hata dawa. Ukishakuwa na paka, nunua dawa ya mbwa ambayo muuzaji anakuhakikishia, na lebo inasema, kwamba ni salama kwenye nyumba yenye paka. Huna? Watenganishe siku tatu kamili baada ya kumpaka mbwa. Na dawa ya mbwa usimgawie paka kwa kupunguza kipimo. Hata kiasi kidogo kinaweza kumpeleka paka.

Wakati wa kusema basi

Sitaki kuwadanganya kwamba kila mbwa anaweza. Mbwa ambaye ameshaua paka kabla, kama huyu wetu, ni wa kuangaliwa maisha yake yote, na mimi nilimwambia kijana wazi kwamba tunajaribu, hatuhakikishi. Tulikuwa tumekubaliana hivi: wiki nne zikipita mbwa bado anakaza macho mbele ya wavu na hasikii jina lake, paka anarudishwa alikotoka. Hakuna kulazimisha. Katika hali hiyo jenga ghala lenye miguu iliyovishwa bati, tumia mitego, funga paka wako ndani ya ghala usiku na mbwa nje, wasikutane kabisa. Hiyo nayo ni njia halali ya kuishi nao wote wawili.

Vilevile paka akiacha kula siku mbili, akijificha kutwa, au akianza kukojoa ovyo, huenda anaishi kwa hofu hata kama hajaguswa. Rudi nyuma hatua moja, mwongezee mahali pa juu.

Msimamo wangu ni huu. Tukisema "mbwa na paka hawapatani," tunajiondolea kazi. Tunamwachia mbwa lawama, tunamwachia paka kifo, halafu tunakwenda dukani kununua sumu ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuiokota. Kijana wangu wa kuku 600 mifuko yake ya mahindi ya mwaka huu ni mizima. Juzi nilipita kwake nikamkuta mbwa amelala kivulini mwa mkokoteni uleule, na paka juu ya mkokoteni, mkia unaning'inia karibu na sikio la mbwa. Yule mtoto alikuwa amekaa pembeni anamenya karanga. Nilizima pikipiki kwanza, ndipo nikaongea.

Tukutane shambani.